Chumvi Iliyozidi Mia

Sogea karibu, weka hicho kikombe chini, nikutegee kitendawili kimoja kabla hatujafika mbali. Mweupe wangu akiingia majini haonekani, na wala hajafa. Ukitaka kujua kama bado yumo, umtafute kwa ulimi. Ni nani?

Usiniambie samaki. Samaki ukimtafuta kwa ulimi utachomwa na mwiba, halafu mama yako aje kunilaumu mimi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kabanga? Ahsante. Nimefika Kabanga, nimekula muhindi wa kuchoma pale yanaposimama mabasi, nimesalimiana na Warundi, nimerudi nimeshiba. Ni chumvi, mjukuu wangu. Chumvi tu.

Sasa usicheke chumvi. Wewe umezaliwa imejaa dukani, unaimwaga hata mezani na mtu hasemi kitu. Mwaka ule wa vita, majeshi yetu yakiwa yanapigana huko Kagera, malori yote yalikwenda kubeba askari na vyakula vyao. Kwenye duka la kijiji ulikuta meza, ukakuta muuzaji, ukakuta na picha ukutani, lakini bidhaa hukuikuta. Tulikula maharage yasiyo na chumvi mpaka tukaanza kuyasingizia maharage yenyewe kwamba yamebadilika tabia.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimemaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikapata kazi jikoni kwenye shule moja ya sekondari ya wasichana upande wa Biharamulo. Wanafunzi waliniita Dada Marsiana. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Ntirampeba, Mrundi aliyekimbilia kwetu na familia yake miaka kadhaa kabla ya hapo, mtu mpole, mwenye masharubu kama mswaki. Kosa lake lilikuwa moja: ukimuuliza jambo, hujibu mpaka amalize anachofanya. Ukimuuliza saa ngapi wakati anamenya ndizi, utajibiwa ndizi zikishaisha, na saa imekwisha kupita.

Siku moja lori moja likapita kwa bahati, likashusha magunia ya chumvi ya mawe kwa ajili ya vijiji vya ujamaa vya Ngara na Biharamulo. Lo! Chumvi gani ile? Ilikuwa ya rangi ya udongo, na udongo wenyewe ulikuwamo. Ukiila, meno yanalia krr, krr. Ndipo Ndugu Pancras, afisa wa mkoa aliyekuwa akizungukia wilaya zetu mbili, akaja shuleni na kopo la chumvi ile.

"Nimesikia wasichana wenu wana maabara," akamwambia Mkuu wa shule, Mama Theodosia. "Nataka kila kijiji kijisafishie chumvi yake kwa pamoja, kisha wagawane kaya kwa kaya. Lakini kabla sijagawa mafungu nataka kujua: katika kila mia ya chumvi chafu, safi inabaki ngapi? Safari ile ya sukari tuligawa kwa kukisia. Nusu ya kijiji walipata sukari, nusu walipata maneno."

Mama Theodosia alikuwa mama mrefu, amenyooka, akipita hata kuku hunyamaza. Shule ile aliipenda kama mtoto wake. Akasema jibu litapatikana, na binti atakayelipata atakwenda na afisa vijijini kuwafundisha watu namna ya kufanya.

Binti huyo alikuwa Secilia, wa kidato cha tatu, mtoto wa kijiji cha Mbuba. Siku aliyopewa kazi ile alikuja jikoni anarukaruka kama ndama.

"Dada Marsiana, nitakwenda Mbuba na gari la serikali!"

Nilijua kwa nini anaruka. Baba yake mdogo, Bartholomayo, alikuwa akimkejeli mama yake hadharani: "Binti yako anasomea nini huko? Likizo iliyopita kanionyesha daftari, naona picha ya maji yanachemka. Kumbe tunauza kahawa ili mtoto akasomee kuchemsha maji!" Watu wakacheka, mama yake akatazama chini. Secilia alitaka asimame mbele ya watu walewale, achemshe maji yaleyale, na mwisho wa maji itoke chumvi nyeupe mikononi mwa mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake duniani, hakuwa na nyingine.

Sasa nikueleze kazi yenyewe jinsi nilivyoielewa mimi niliyeishia la saba. Unapima chumvi chafu. Unaitia katika maji ya moto, chumvi inayeyuka, udongo hauyeyuki. Unachuja kwa kitambaa kizito, udongo unabaki juu ya kitambaa, maji ya chumvi yanashuka. Maji yale unayachemsha polepole mpaka yakauke, na chumvi inabaki imeganda chini. Kisha unapima tena. Ukitia mia ukapata themanini, basi themanini kwa mia ndiyo uliyookoa.

Shida ikawa chombo cha kukaushia. Vile vibakuli vyeupe vya maabara vilikuwa vimepasuka vyote, na vipya havikuja kwa sababu ya vita. Sufuria ya bati ingeliwa na chumvi. Mwalimu Telesfori, aliyefundisha kemia, kijana mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake, akasema, "Babu zetu walikaushia chumvi kwenye nini? Kwenye chungu! Tafuteni chungu."

Mzee Ntirampeba alikuwa na chungu kidogo kipya kabisa, kimetoka kwa mfinyanzi wa Murukulazo, hakijawahi kuona moto wa jikoni. Akakitoa bila maneno. Secilia akakibeba hadi maabara, akakipima kikiwa kitupu kwenye ile mizani ya sahani mbili, akaandika uzito wake, kwa sababu chumvi ingekaukia humohumo na hesabu ni rahisi: chungu na chumvi, toa chungu, inabaki chumvi. Jioni ile kidato cha nne walikuwa wanaitumia maabara kwa mtihani wa majaribio, basi akakirudisha kwenye rafu yetu ya jikoni kilale hapo.

Kesho yake alfajiri Mzee Ntirampeba akaondoka kwenda kwao, kwenye makazi ya wakimbizi, binti yake Clotilda alikuwa amejifungua na mtoto anabatizwa. Jikoni nikabaki mwenyewe na masufuria yangu. Secilia akaja kuchukua chungu chake, akakipiga busu. Ndiyo, alikipiga busu, mimi nimeona.

Akafanya kazi na rafiki yake Leonsia, mtoto mwenye mdomo mwepesi ambaye darasa zima lilimwogopa kwa utani. Wakapima gramu mia za chumvi chafu. Wakayeyusha, wakachuja. Udongo uliobaki kwenye kitambaa wakausuuza, wakauanika juani, wakaupima: gramu nane. Wakachemsha yale maji safi kwa moto mdogo wa mkaa, nyuma ya maabara, mpaka chungu kikawa na ganda jeupe ndani, zuri kama theluji ya kwenye picha. Wakakipoza. Wakapima. Wakatoa uzito wa chungu.

Gramu mia na kumi na tatu.

Leonsia akapiga kelele nikazisikia jikoni. "Imezaa! Secilia, chumvi yako imezaa! Tena mapacha!"

Nikakimbia na mwiko mkononi. Mwalimu Telesfori naye akaja. Akatazama namba, akacheka mpaka miwani ikashuka.

"Imezaa maji tu," akasema. "Chumvi inaonekana kavu lakini maji yamejificha. Rudisheni juu ya mkaa. Mkaushe, mpoze, mpime. Halafu mkaushe tena, mpoze, mpime. Mpaka namba ikatae kushuka. Ikikataa, maji yamekwisha."

Wakakausha. Mia na saba. Wakakausha. Mia na nne. Leonsia akaanza kuimba wimbo wa harusi. Wakakausha tena: mia na nne. Tena: mia na nne ileile, imeng'ang'ania kama kupe.

Hapo wimbo ukakatika.

Elewa tatizo, mjukuu wangu. Ametia mia. Ametupa uchafu gramu nane. Maji yamekwisha, mizani imeshuhudia. Na bado amepata nyingi kuliko alizotia. Ni kama umepeleka ndizi sokoni, umegawa nyingine njiani, ukafika na mkungu mzito kuliko ulioondoka nao. Mtu akikuambia hivyo utamwuliza umechuma za nani.

"Basi andika tisini na saba," Leonsia akanong'ona. "Kitabu kinasema kazi nzuri inafika huko. Nani atakuja kupima tena? Afisa atafungua mdomo wa mizani?"

"Na kama siyo tisini na saba?"

"Kwani ni mia na nne? Zote mbili ni uongo, lakini moja ni uongo wenye adabu."

Secilia akacheka, halafu akaacha kucheka. Akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Tulitia 100. Tumepata 104. Uchafu 8. Jumla 112. Sababu haijajulikana.*

Sasa bahati mbaya ina miguu mirefu. Mama Theodosia akapita wakati huohuo akikagua madirisha. Akasoma ubao. Akausoma tena kutoka chini kwenda juu, nadhani alitarajia utakuwa bora ukisomwa hivyo.

"Mwalimu Telesfori, hii nini?"

"Ni matokeo, Mkuu."

"Matokeo ya nini? Ya muujiza? Kesho afisa wa mkoa anakuja, mimi nimpe ubao unaosema shule yangu inaongeza chumvi kwa kuitazama? Vijijini watasema wasichana wetu ni wachawi, tena wachawi wasiojua hesabu." Akamgeukia Secilia. "Futa. Andika namba inayoingia akilini."

Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko wangu. Nikaona mkono wa Secilia unashika kitambaa cha kufutia. Nikaona unakaa pale ubaoni, hauendi juu wala chini.

"Shikamoo Mkuu," akasema, kama mtu aliyesahau kwamba walishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Futa."

"Mkuu, nikiandika tisini na saba, Ndugu Pancras atagawa mafungu kwa tisini na saba. Mbuba watachemsha, watapata pungufu. Watamtafuta mwizi. Na mtu wa kwanza kutafutwa ni aliyeshika chungu." "Hii mia na nne najua ni kosa. Lakini ndiyo niliyoiona. Nikiifuta sitajua tena kosa liko wapi. Naomba uniachie mpaka afisa afike."

"Na akifika hujajua?"

"Nitamwambia sijajua."

Mama Theodosia akamtazama mwalimu, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona hacheki.

"Ningeandika hivyohivyo, Mkuu," Mwalimu Telesfori akasema.

"Sawa. Ubao ukae. Lakini afisa akifika kabla hujui, Secilia, atakwenda vijijini na msichana wa kidato cha nne mwenye namba za kueleweka. Sitapeleka watu wa miujiza." Akaondoka. Kuku nje wakanyamaza.

Secilia akakaa chini sakafuni, akauma kucha. Leonsia akakaa pembeni yake, utani wote umemwishia. "Ningekuwa wewe ningefuta zamani," akasema. "Nisamehe. Mimi mwoga, naogopa hata kivuli cha Mkuu."

"Nami naogopa."

Mwalimu akawaambia, "Sasa acheni kulia, ulizeni. Vitu vimepimwa viwili tu mwishoni: chumvi na chombo. Chumvi mmeikausha imekataa kushuka. Nani hajaulizwa?"

Wakatazamana. Wakatazama chungu.

"Lakini chungu tulikipima!" Leonsia akasema.

"Mlikipima siku ile. Je, leo kina uzito uleule?"

Wakaikwangua chumvi yote wakaiweka pembeni kwenye karatasi. Lakini Secilia akafikiri jambo jingine: udongo una vitundu, huenda kuta za chungu zimekunywa maji ya chumvi, na chumvi imebaki ndani yake. Wakikipima hivyohivyo hawatajua uzito ni wa chumvi au ni wa kitu kingine. Basi wakakiloweka katika maji ya mvua, wakamwaga, wakaloweka, wakamwaga. Kila mara walichukua maji kidogo ya kusuuzia, wakatia tone la dawa kutoka kwenye chupa ya rangi ya kahawia. Maji yakiwa na chumvi, tone lile linayageuza kama maziwa. Mara ya kwanza yakawa maziwa matupu. Baadaye maziwa ya kuchanganya. Baadaye ukungu. Mwisho yakabaki maji. Chumvi yote imetoka.

Usiku chungu kikalala juu ya majivu ya moto jikoni kwangu, kikauke kabisa. Nilikilinda kama mgonjwa. Nilikuwa nikiamka nakigusa. Ningeweza kukifunika na kanga, lakini nikaona nitachekwa.

Asubuhi wakakipima. Wakakirudisha kwenye joto, wakapoza, wakapima tena, namba ikakaa. Secilia akatazama uzito wa siku ya kwanza na wa leo. Akatazama tena. Akaanza kucheka peke yake kama mtu aliyepaliwa.

"Kumi na nne," akasema. "Kimenenepa gramu kumi na nne! Chungu kitupu, kimesuguliwa, kimeoshwa, kimekaushwa, na kimenenepa!"

"Ndiye mwenye mimba!" Leonsia akaruka. "Siyo chumvi, ni chungu!"

Basi hesabu ikajipanga yenyewe. Mia na nne toa kumi na nne, tisini. Tisini ya chumvi, nane ya udongo, hizo ni tisini na nane, na mbili zimepotea kwenye kitambaa na kwenye vidole, kama kazi yoyote ya mikono. Hata mimi niliona inaingia akilini. Lakini Secilia hakutosheka na hesabu ya kutoa tu. "Tupime chumvi chafu nyingine," akasema, "tutumie uzito huu mpya wa chungu, tuone kama tisini inarudi." Wakaanza upya mkaa ungali unawaka.

Wakati maji ya kuyeyushia yanachemka, Leonsia akaingiza kidole ndani ya chungu kitupu, pale ukingoni palipokuwa pamemenyeka kidogo walipokuwa wakikwangua. Ndani palikuwa na ngozi, nyembamba, inang'aa, kama ile inayobaki kwenye sufuria ukichelewa kuiosha. Akaikwaruza kwa ukucha, ikatoka ganda dogo.

"Secilia, hii siyo udongo. Wala siyo chumvi. Nashindwa kuilamba."

"Usilambe vitu vya maabara!" mwalimu akapiga kelele kutoka ndani.

"Ndiyo maana nashindwa, Mwalimu!"

Leonsia huyo, pamoja na mdomo wake, alikuwa mkali wa biolojia. Akaliweka lile ganda kwenye kisahani, akaenda kwenye kabati, akarudi na chupa ya ayodini, ile dawa ya kahawia wanayotumia kupima wanga kwenye majani na viazi. Akadondosha tone. Kahawia ikawa bluu. Bluu ikawa nyeusi.

"Chungu kimekula," Leonsia akasema kwa sauti ndogo. "Kina chakula tumboni."

Sasa nikaitwa mimi. Nikaulizwa kama nilipika kitu kwenye chungu kile. Nikaapa kwa marehemu bibi yangu kwamba sikukigusa. Kilikaa kwenye rafu, asubuhi Secilia akakichukua, basi. Nikaambiwa nifikirie vizuri. Nikafikiria vizuri, nikaapa tena. Mama Theodosia mwenyewe akaja jikoni, akanitazama kama mtu anayetafuta unga kwenye mashavu ya mtoto. "Marsiana, chungu hakiwezi kujilisha." Nikasema, "Ndiyo, Mkuu, hakiwezi." Hapo tukakwama.

Na hapo ndipo gari la Ndugu Pancras lilipopanda kilima, linakohoa.

Afisa akaingia maabara moja kwa moja, akasoma ubao, maana hakuna aliyeufuta. *Sababu haijajulikana.* Akavua kofia.

"Ndugu zangu, mia na nne? Mmepata chumvi iliyozidi niliyowaletea? Basi nipeni hiyo elimu niipeleke mkoani, vita vitakwisha kesho."

Mama Theodosia akafumba macho. Secilia akasimama mbele ya ubao, akaeleza kila kitu tangu mwanzo. Hakuruka hata lile la mia na kumi na tatu. Alipofika kwenye ayodini akamwonyesha kisahani na doa jeusi. Kisha akamwomba akae kidogo, kwa sababu chumvi ya mara ya pili ilikuwa bado inakauka.

Afisa akakaa. Nikamletea chai isiyo na sukari, akainywa kwa heshima. Secilia akakausha, akapoza, akapima. Akakausha tena, akapoza, akapima. Ndugu Pancras aliinuka mwenyewe akainama juu ya mizani mpaka tai yake ikagusa sahani, ikabidi wapime upya.

Tisini. Mara mbili, tisini.

Leonsia hakuimba. Alimkumbatia Secilia kwa nguvu mpaka ubao ukaacha chaki mgongoni kwake.

Ndugu Pancras akachukua kalamu, akaandika, kisha akamgeukia Mama Theodosia. "Mkuu, mngenipa tisini na saba ningeipokea kwa furaha. Ningekwenda kuahidi watu vijiji vyote vile. Halafu ningerudi hapa kujificha chini ya meza yenu." Akamwambia Secilia, "Fungasha nguo. Jumatatu tunaanza na Mbuba. Na utawaeleza hata hii mia na nne, ili wasishangae na vyungu vyao."

Mama Theodosia akakohoa. "Ubao usifutwe," akasema, "nataka kidato cha kwanza wauone." Halafu akatoka haraka, na nakuambia alikuwa anatabasamu, nilimwona dirishani, hata jogoo alithubutu kuwika.

Secilia akanivuta hadi jikoni, akanishika mikono, tukazunguka kama wehu. "Dada Marsiana, nitamwambia baba mdogo aje awe wa kwanza kulamba!"

Lakini Ndugu Pancras akatufuata pamoja na wengine, amebeba chungu na kisahani, anakigonga chungu kwa kidole, anasikiliza. "Jambo moja tu linanisumbua," akasema. "Chungu kilipimwa kitupu. Kililala jikoni. Asubuhi kimeshiba. Dada huyu anaapa. Nani basi alikilisha?"

Hakuna aliyejua. Na wakati huohuo mlango wa jikoni ukajaa Mzee Ntirampeba, ametoka ubatizoni, begani ana kapu la viazi, masharubu yana vumbi. Akatusalimia wote mmoja mmoja, afisa kwanza. Akaona kisahani, akaona chungu chake, akaona nyuso zetu.

"Mzee," Secilia akamwuliza, "chungu hiki usiku ule, kabla hujaondoka, kuna mtu aliyekipikia kitu?"

Mzee Ntirampeba hakujibu. Akashusha kapu. Akatoa viazi kimoja kimoja, akavipanga ukutani, vikubwa huku, vidogo kule. Afisa wa mkoa akasimama akisubiri. Mwalimu Telesfori akasimama. Sisi sote tukasimama, mpaka kiazi cha mwisho kikafika mahali pake na mzee akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kirundi. "Ni mimi. Nilikipikia uji mzito wa muhogo usiku kucha kikanywa mpaka kikaziba vitundu, alfajiri nikakiosha, nikakirudisha kwenye rafu. Kwetu chungu kipya kikienda kazini na njaa kinapasuka. Kwani mlitaka nimpe mtoto wa watu chungu chenye njaa?"